Nani anasema ndani ya "il"? Maneno ya kamati ya masomo mbele ya mkutano wa wanachama



Mlituomba tueleze ni juu ya nini watoto wetu wanaojitayarisha kwa egzameni ya Serikali wanarudishiwa kaye za Kifaransa zikiwa na alama nyekundu kila mahali, hata wale ambao tunajua wako na akili na wanasoma vitabu. Tulichukua kaye za disertasio za kikundi chetu cha jioni, tukazipanga mezani, tukatafuta kosa moja lenye kurudi zaidi. Kuna makosa mengi. Lakini moja linasimama peke yake sababu haliko kosa la uvivu, na sababu hata mzazi asiyejua Kifaransa anaweza kusaidia kuliondoa. Leo tutasema juu ya hilo moja tu.

Ni hili: mtoto anaanza kuandika juu ya mama yake, na kufika katikati ya karatasi mama amegeuka mwanaume.

Msicheke haraka. Sisi wote tunasema Kiswahili, na Kiswahili hakitofautishi mwanaume na mwanamke katika yale maneno madogo yanayosimama mahali pa jina. Tunasema "alianguka". Nani? Mutu mmoja, basi. Inaweza kuwa kaka, inaweza kuwa dada. Tunasema "yeye", tunasema "nilimwona", tunasema "naye", tunasema "kitabu chake", na pote hapo hakuna anayejua kama ni baba ao ni mama mpaka uweke jina. Na haiko Kiswahili peke yake. Kibembe na Kifuliiru ni vile vile. Lingala, Kikongo na Chiluba pia ni vile. Mtoto wa Fizi ao wa Uvira anaweza kuongea luga tatu za nyumbani na asikutane hata mara moja na luga inayomlazimisha kuchagua kati ya "il" na "elle". Kifaransa ndicho cha kwanza kumlazimisha, na kinamlazimisha katika kila sentensi.

Na disertasio inafanyika kwa Kifaransa. Zile siku ine za kikao cha kawaida mtoto anachagua jibu kati ya majibu yaliyokwisha kuandikwa, kwa hiyo kosa hili linaweza kujificha. Kwenye disertasio hakuna pa kujificha: anaandika mwenyewe, kurasa nzima, na msahihishaji hamjui. Hajui kama huyu alizaliwa Baraka, akakulia kambini, akarudi na miaka kumi na sita. Anaona tu kwamba shangazi amekuwa "il", na anafikiri huyu hajui hata kitu cha darasa la tatu.

Lakini anajua! Hapo ndipo tunataka mtuelewe. Muulize mtoto yeyote wa kikundi chetu: mama ni "il" ao "elle"? Atakujibu "elle" hata bila kufikiri. Kosa halitoki kwa kutojua kanuni. Linatoka kwa njia ambayo habari inapita kichwani. Habari inakuja kwa Kiswahili, na katika Kiswahili ile "a-" inatembea peke yake toka sentensi hata sentensi bila kubeba alama yoyote. Mkono unaigeuza kuwa "il" kwa sababu "il" ndiyo ya kwanza aliyofundishwa na ndiyo iliyo karibu. Sentensi yenye jina ndani yake mara nyingi iko salama, juu jina linamkumbusha. Hatari inaanza pale jina limekwisha kuwa mbali.

Tuwaoneshe kwa mfano. Tumeutunga wenyewe, lakini unafanana sana na zile tulizosoma. Mtoto anafikiri hivi:

"Shangazi yangu alirudi kutoka Nyarugusu na watoto wake. Bwana yake alikuwa amebaki kambini. Chifu wa mtaa alikuja kumwona. Alimwomba karatasi zake. Alijibu kwamba amechoka na kwamba atazitoa kesho yake. Asubuhi alienda ofisini na kijana wake."

Kila mmoja hapa ameelewa. Nani aliomba karatasi? Chifu. Nani alijibu? Shangazi. Hatukuambiwa, lakini tunajua, sababu anayeulizwa ndiye anayejibu. Sasa huyu mtoto anaandika kwa Kifaransa:

"Ma tante est rentrée de Nyarugusu avec ses enfants. Son mari était resté au camp. Le chef de quartier est venu la voir. Il lui a demandé ses papiers. Il a répondu qu'il était fatigué et qu'il les donnerait le lendemain. Le matin, il est parti au bureau avec son fils."

Sentensi tatu za kwanza ni nzuri. Hata "la voir" ni sawa, ameona vizuri kwamba ni mwanamke. Sentensi ya ine pia ni sawa: "il" ni chifu, na "lui" inafaa kwa mwanaume na kwa mwanamke. Sentensi ya tano ndiyo penye shimo. Katika Kiswahili mwenye kutenda amebadilika, chifu ametoka na shangazi ameingia, lakini mlango haukufanya kelele: ni "a-" na "a-". Kalamu ikaendelea na "il" ya chifu. Kwa yule anayesoma Kifaransa, chifu ameomba karatasi, chifu akajibu mwenyewe kwamba amechoka, na asubuhi chifu akaenda ofisini na kijana wake. Shangazi amepotea kabisa katika habari yake mwenyewe.

Hesabuni pamoja nasi. Kuna "il" ine za kubadilisha. Ukizibadilisha, mikia miwili inafuata: "fatigué" inakuwa "fatiguée", "parti" inakuwa "partie". Alama nyekundu sita, na chanzo ni kimoja. Ndiyo maana tunasema tusikatishe mtoto tamaa kwa kuhesabu alama. Tutafute pale mlango ulipofunguka bila kelele. Namna ya kusahihisha ni hii:

"Elle a répondu qu'elle était fatiguée et qu'elle les donnerait le lendemain. Le matin, ma tante est partie au bureau avec son fils."

Angalieni vitu viwili. Kwa sentensi ya mwisho tumerudisha jina, "ma tante", sababu ni asubuhi nyingine, habari imeruka, na msomaji anahitaji kushikwa mkono. Na "son fils" haikubadilika, hata kama mwenye mtoto ni mwanamke. Kwa nini? Tutafika hapo.

Kwanza tuseme makosa yanapenda kukaa wapi, kwa sababu hayakai popote popote. Katika kaye zetu yanakaa zaidi mahali patatu. Pa kwanza ni pale mutu wa pili anapoingia katikati ya habari, kama chifu wetu. Pa pili ni mwanzo wa aya mpya, ao juu ya ukurasa mpya, pale mtoto amepumzika kidogo, amefuta jasho, akaanza tena na "Il". Pa tatu ni kwa watu ambao Kiswahili hakikuwahi kusema ni wa kiume ao wa kike tangu mwanzo: mwalimu, daktari, jirani, mgonjwa, mkimbizi, rafiki. Mtoto anaandika "le médecin" juu ya yule daktari mwanamke aliyemwona kambini, kisha anakumbuka sura yake na kuandika "elle", kisha anasahau na kurudi "il". Hapo hata mwenyewe hajui aliamua nini, sababu hakuamua kitu.

Kutokana na hayo tatu tumepata namna ya kufanya kazi. Inaanza kabla ya kuandika. Juu ya karatasi ya bruyo mtoto anaandika majina ya watu wote watakaoingia katika habari, na pembeni ya kila mmoja anaweka herufi moja: M ao F. Shangazi, F. Chifu, M. Daktari? Lazima achague sasa, kabla ya kalamu kugusa karatasi safi. Kazi hii haizidi dakika mbili. Wengine wanatuambia ni kazi ya watoto wadogo. Sisi tunasema ile orodha inafanya kazi ambayo Kiswahili hakifanyi, na hakuna haya katika hiyo.

Halafu, wakati wa kuandika, tuko na kanuni moja tu, ili isiwasumbue: kila aya ianze na jina, si na "il" wala "elle". Na mutu mpya akiingia, yule wa zamani akirudi arudi na jina lake. Mwalimu mmoja alitupinga hapa, akasema kurudia jina ni kuandika vibaya, msahihishaji hapendi. Kuna ukweli kidogo. Lakini si lazima kurudia neno lile lile: shangazi anaweza kuwa "ma tante", kisha "cette femme", kisha "la mère". Na tuwakumbushe kwamba kama chifu wetu angekuwa mwanamke, "elle" isingesaidia kitu, maana wote wawili ni "elle". Hapo jina tu ndilo linaokoa.

Baada ya kuandika kuna kusoma tena. Hapa ndipo tumeona mabadiliko makubwa zaidi. Watoto wote wanasema "nilisoma tena". Walisoma, ndiyo, lakini walisoma habari. Ukisoma habari unayoijua, akili inasikia Kiswahili chini ya Kifaransa, na katika Kiswahili hakuna kosa! Kwa hiyo tunawaomba wasome kinyume: sentensi ya mwisho kwanza, kisha ile iliyo mbele yake, mpaka kufika juu. Habari inavunjika, na maneno yanabaki peke yake. Kidole kinasimama juu ya kila "il", kila "elle", kila "le" ao "la" inayosimama mahali pa mutu, na mtoto anajiuliza kwa sauti ndogo: nani? Kama hawezi kujibu bila kupanda sentensi mbili ao tatu juu, basi jina liwekwe. Akiisha hiyo, anapita mara ya pili kwa mikia tu. Asichanganye kazi hizo mbili. Tumeona anayetafuta vyote kwa pamoja hapati kimoja.

Mikia ni ngumu kwa sababu sikio halisaidii. "Content" na "contente" unasikia tofauti. Lakini "parti" na "partie", "fatigué" na "fatiguée", "arrivé" na "arrivée", ukizisema ni sauti moja. Kwa hiyo mtoto asijisomee tu, aangalie. Baada ya "est", "était", "sont", macho yaende kwenye mkia wa neno linalofuata, kisha yarudi kwa mwenye kutenda. Kuna pia "je l'ai vue", nilimwona yeye mwanamke, ambapo mkia unafuata yule aliyeonwa. Hiyo ni ya wale waliokwisha kushinda zile nyingine.

Sasa "son" na "sa". Hapa tuko na watoto wa namna mbili, na kosa lao halifanani.

Waliosoma kambini Nyarugusu walifuata programu ya Kongo, kwa Kifaransa. Lakini wale waliorudi kutoka Uganda walisoma kwa Kiingereza, na kuna waliotoka Zambia vile vile. Kiingereza kinaangalia mwenye kitu: kama mwenye ni msichana, wanasema "her", iwe ni baba yake, iwe ni kitabu chake. Mtoto huyo akija kwa Kifaransa anaandika "sa père" kwa msichana na "son mère" kwa kijana. Tulifikiri ni ovyo, kumbe yuko na kanuni, ila ni kanuni ya nchi nyingine.

Dawa yake iko nyumbani, katika Kiswahili. Sisi tunasema kitabu chake, nyumba yake, mtoto wake. Nini kinabadilisha "chake" kuwa "yake"? Ni kile kitu. Mwenye kitu hahesabiwi hata kidogo. Kifaransa kinafanya vile vile: "son" na "sa" zinafuata kitu, si mwenye kitu. Baba ni wa kiume, kwa hiyo "son père", hata kama mwenye baba ni binti. Kijana ni wa kiume, kwa hiyo "son fils" ya shangazi yetu haikuguswa. Mtoto akikwama kati ya "son" na "sa", aulize kama anavyofanya kwa "chake" na "yake": kitu chenyewe ni cha namna gani? Hapa Kiswahili ni mwalimu mzuri kuliko Kiingereza, na tunapenda kuwaambia hivyo watoto wanaoona haya juu ya luga ya nyumbani.

Kuna shimo moja dogo: mbele ya neno linaloanza na sauti ya a, e, i, o ao u, "sa" inageuka "son" hata kama neno ni la kike. "Son école", "son amie". Watoto wengine wakiona hiyo wanafikiri "école" ni ya kiume na wanaharibu sentensi nzima. Ni juu ya ulimi kupita vizuri, basi.

Tuseme pia mahali ambapo dawa yetu inakuwa sumu. Kifaransa kiko na majina ambayo ni ya kike hata kama mutu ni mwanaume: "une personne", "une victime", "une sentinelle". Ukiandika "la victime", unaendelea na "elle", hata kama aliyeumizwa ni mzee mwenye ndevu. Mtoto aliyezoea kuuliza "nani?" anaweza kusahihisha kitu ambacho kilikuwa sawa. Kwa hiyo, juu ya ile karatasi ya bruyo, herufi iwekwe pembeni ya neno atakalotumia, si pembeni ya sura ya mutu. Akiandika "la victime", aweke F. Akibadilisha na kuandika "le vieux", kuanzia pale ni M. Na kwa wengi waliochanganyika, wanaume na wanawake, Kifaransa kinasema "ils", hata kama wanawake ni kumi na mwanaume ni mmoja. Wamama walinung'unika hapo, na tunawaelewa.

Njia hii haisaidii pia kwa vitu. Kujua kama meza ni "le" ao "la" ni kazi nyingine, ya kushika neno pamoja na "le" ao "la" yake tangu siku ya kwanza. Na haisaidii sana kwa egzameni ya kusema kwa mdomo, sababu mdomo haungoji kidole. Kwa ile tunatumia mchezo. Mmoja anasema sentensi ya Kiswahili isiyo na jina: "Alifika jana akiwa mgonjwa." Mwenzake haruhusiwi kugeuza kwa Kifaransa mpaka aulize: "Mwanaume ao mwanamke?" Akigeuza bila kuuliza, amepoteza, hata kama amebahatisha. Dakika kumi mwanzoni mwa kila jioni. Baada ya majuma machache watoto wanaanza kuulizana hivyo hata njiani, kwa kuchekeshana.

Sasa wazazi. Mama mmoja alituuliza: "Miye sikusoma, nitamusaidia namna gani?" Mama, unaweza. Mwambie mtoto akuelezee habari yake kwa Kiswahili, pole pole. Kisha chukua karatasi yake. "Il" ni vijiti viwili, kimoja kifupi na kimoja kirefu. "Elle" ni ndefu, iko na vijiti viwili virefu katikati. Ukikutana na kila moja, weka kidole na umuulize: "Huyu ni nani?" Akisema "ni shangazi" na wewe unaona vijiti viwili tu, mwambie aangalie tena. Hauhitaji kujua neno lingine lolote. Tulijaribu hivyo na wamama watano wa kikundi cha akiba, na waliona "il" ambazo watoto wenyewe walikuwa wamepita juu yake mara mbili.

Kwa wafadhili: kazi hii haiombi mashini. Inaomba karatasi za bruyo, sababu mtoto anayeogopa kumaliza kaye yake hataandika orodha ya watu wala hataandika tena aya iliyoharibika. Inaomba biki za rangi mbili, moja ya kuandika na moja ya kupita mikia. Inaomba mafuta ya taa ao betri za taa kwa zile jioni. Na foto kopi za habari fupi zinazosema juu ya baba, ili watoto waziandike upya juu ya mama na kuhesabu maneno yaliyobadilika. Hilo zoezi tunalipenda sana: aya moja ya mistari kumi, na mtoto aliyepata mabadiliko machache kuliko wenzake anajua kwamba kuna mkia ameuacha, arudi autafute.

Kikundi kinakutana siku ya pili na siku ya ine, saa kumi na moja jioni, nyuma ya ofisi yetu. Mtoto aje na kaye moja ya zamani yenye alama nyekundu. Tutaanza na hiyo.